Jina la Mtoto Katika Kitabu cha Banki

Mara nyingi, baada ya Misa ya Dominika, watu wa mji wetu wa Lubumbashi hutujia na swali moja, nalo huja kwa sauti ya chini, maana aliyeuliza huogopa kusikiwa na ndugu zake. Swali lenyewe ni hili: Baba alifungua kitabu cha banki pamoja na mtoto wake mmoja. Majina mawili yameandikwa, la baba na la mtoto. Sasa baba amekufa. Je, feza iliyobaki ni ya yule mtoto ambaye jina lake liko pale, ama ni ya watoto wote?

Wengine hujibu upesi, kabla hawajafikiri: “Jina ni lake, basi feza ni yake.” Wengine nao hujibu upesi vilevile: “Huyo ni mwizi.” Sisi twaona majibu haya mawili yamekosa jambo moja lile lile, maana yote mawili hayaulizi baba alikusudia nini siku ile alipoketi mbele ya meza ya karani wa banki.

Tutoe mfano. Ni mfano tuliouunga sisi wenyewe, wala si habari ya jamaa fulani. Lakini wakaaji wa Katuba, wa Kenya, wa Kamalondo na wa Ruashi watautambua. Alikuwako baba mwenye malori mawili yaliyokuwa yakipita njia ya Kasumbalesa. Alimwoa mkewe mbele ya afisa wa serikali, kisha mbele ya padri, wakazaa watoto watano. Mkubwa alipata kazi Kolwezi, wa pili Likasi. Wa tatu ni binti, naye alibaki nyumbani. Wa nne yuko Kinshasa. Wa tano alikufa kijana, akaacha watoto wawili wadogo. Baba akapatwa na ugonjwa wa sukari, miguu ikavimba, kwenda mjini na kusimama katika mstari wa banki ikawa taabu kwake. Ndipo alipomchukua yule binti, wakaenda pamoja, wakafungua kitabu cha banki cha watu wawili. Kwa muda wa miaka mitatu binti alitoa feza ya dawa, ya mafuta ya lori, ya chakula, wala hakukosa hata siku moja kumweleza baba yake. Baba alipokufa, mle ndani zilikuwamo dola 24,000.

Sasa tuangalie kwanza karatasi yenyewe, maana watu wengi hugombana juu ya kitu wasichokijua. Katika banki zetu ziko njia tatu ambazo mzee aweza kuzitumia ili mtoto amsaidie, nazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni uwakilishi, ambao hapa mjini watu huuita prokirasio. Kitabu kinabaki cha mzee peke yake, na mtoto amepewa ruhusa tu ya kutia sahihi kwa jina lake. Ruhusa hii yafa pamoja na mzee. Saa ile mzee anapokata roho, mtoto hana tena haki ya kugusa kitu, hata kama kadi ingali mfukoni mwake na mashine ingali ikikubali namba yake. Ya pili ni kitabu cha watu wawili ambao hawana budi kutia sahihi wote wawili kila mara. Mmoja akifa, kitabu hufungwa, kwa kuwa sahihi ya pili haipatikani tena. Ya tatu ndiyo iletayo ugomvi: kitabu cha watu wawili ambamo kila mmoja aweza kutoa feza yote bila mwenzake. Katika karatasi ya kufungulia kitabu, tofauti ya njia ya pili na ya tatu huwa katika neno dogo tu. Kama imeandikwa sahihi ya mmoja “na” mwenzake, ni ya pili. Kama ni ya mmoja “ao” mwenzake, ni ya tatu. Atakaye kujua haki yake, na aanze kwa kuisoma karatasi hiyo, maana baba aweza kuwa alisema “nimeandika jina la mtoto,” kumbe alitoa uwakilishi tu.

Binti wa mfano wetu alikuwa na kitabu cha namna ya tatu. Baada ya kifo alikwenda banki, akatoa feza, wala hakuna aliyemzuia. Ndugu zake walipolalamika, waliambiwa kwamba banki imelipa kwa haki. Nao wakashangaa. Lakini neno hilo ni kweli, tena ni la zamani sana katika nchi yetu. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyowekwa tangu siku za Mfalme Leopoldo, nayo ingali ikitumika Kongo kwa mambo ya mapatano, inafundisha juu ya wadai wawili wenye deni moja. Yasema kwamba mdai mmoja akipewa haki ya kudai deni zima, mdaiwa akimlipa huyo mmoja amekwisha kulipa. Banki ni mdaiwa. Baba na binti ni wadai. Banki ikimlipa binti, imekwisha kutimiza wajibu wake.

Lakini msomaji na asiishie hapo, maana sheria hiyo haikuishia hapo. Yaongeza kwamba faida ya deni yaweza kuwa ya kugawanywa kati ya wale wadai wenyewe. Hii ndiyo maana yake: kupokea ni jambo moja, na kuwa mwenye mali ni jambo jingine. Banki inauliza tu, “Nimpe nani nisije nikalipa mara mbili?” Haiulizi, “Mali hii ni ya nani mbele ya ndugu?” Mwenye ufunguo wa ghala aweza kuingia na kutoka, na mlinzi humfungulia mlango bila kumwuliza neno; hata hivyo mahindi yaliyomo si yake kwa sababu ya ufunguo.

Basi mali ni ya nani? Katika nchi zinazofuata sheria za namna ya zetu, kama Ufaransa na Ubelgiji, mahakama hudhani kwanza kwamba wenye kitabu wana nusu kwa nusu, mpaka ithibitishwe vingine. Na kuthibitisha kwenyewe si vigumu kama watu wadhanivyo. Banki huandika kila feza iliyoingia, na siku iliyoingia, na mara nyingi hata mkono ulioileta. Kama kila feza ilitoka katika safari za malori, na binti hakuweka hata franka moja ya cherehani yake, basi ni wazi kwamba mali ni ya baba. Kama binti naye aliweka akiba yake, na ahesabiwe aliyoweka, arudishiwe kwanza, wala asionewe haya. Twasema hivi kwa sababu tumeona pia ndugu wenye tamaa, waliotaka kugawana hata jasho la dada yao kwa kuwa lilichanganywa na la baba.

Inafaa pia kutazama tarehe. Feza iliyotolewa kabla ya kifo, wakati baba alipokuwa na akili timamu na kujua, ni habari moja. Feza iliyotolewa usiku ule ule wa kilio, kwa mashine, kidogo kidogo mpaka ikaisha, ni habari nyingine. Warithi wana haki ya kuomba hesabu ya kitabu hicho tangu siku ya kifo, na wakihofu, wanaweza kuiandikia banki mapema barua ya kupinga feza isitolewe mpaka urithi upangwe. Barua isiyopelekwa katika juma la kwanza huwa mara nyingi imechelewa. Hapo ndipo ndugu wengi hushindwa, si kwa kukosa haki, bali kwa kungoja siku arobaini ziishe, wakiona aibu kutaja feza wakati wa kilio.

Tufanye sasa hesabu kama sheria isemavyo, maana wengi wanayo hukumu lakini hawana hesabu. Kitabu cha Sheria za Jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987, kilichorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, ndicho kinachoongoza urithi katika Kongo yote.

Watu husahau kwamba kabla ya urithi kuna ndoa. Waliooana bila kuchagua mpango mwingine wa mali huhesabiwa kuwa wanashirikiana katika mali yote waliyoipata tangu ndoa yao. Malori yalinunuliwa baada ya ndoa. Basi nusu ya feza ile haikuwa ya baba hata siku moja, ilikuwa ya mama. Mama hairithi nusu hiyo, aichukua kama mali yake. Kati ya dola 24,000, dola 12,000 ni za mjane kabla hatujataja neno urithi. Tazama basi: aliyesema “jina ni lake, feza ni yake” hakuwanyima ndugu zake tu, alimnyima mama yake aliyemzaa. Na baba mwenyewe, alipoandika jina la binti, hakuweza kumpa kisichokuwa chake.

(Hapa tuseme neno kwa waumini wetu, ingawa si wote watakaolipenda. Ndoa iliyofungwa mbele ya padri peke yake, bila kuandikwa serikalini, ni Sakramenti mbele ya Mungu, lakini mahakama ya Kongo haiijui. Mjane wa ndoa kama hiyo hukuta mlango umefungwa. Tumeona mama wazee wakilia mahakamani na cheti cha parokia mkononi.)

Inabaki dola 12,000, ndiyo mali ya marehemu. Toa humo gharama za mazishi na deni la hospitali. Tuseme ni dola 1,200, zenye karatasi za kuthibitisha. Inabaki 10,800. Sheria yawapa watoto robo tatu, yaani 8,100, nao hugawana sawasawa, wavulana na wasichana, mkubwa na mdogo, aliyekaa nyumbani na aliyekaa Kinshasa. Kwa mafungu matano, kila fungu ni 1,620. Fungu la mtoto aliyekufa halipotei: watoto wake wawili husimama mahali pake, kila mmoja apata 810. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kama baba alimtambua kwa njia ya sheria alipokuwa hai, naye ni mtoto katika hesabu hii. Ni neno chungu kwa mjane, lakini mtoto hakuchagua mahali pa kuzaliwa.

Robo iliyobaki, yaani dola 2,700, huwaendea watu wa daraja la pili: mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake wa tumbo moja. Tuseme katika mfano wetu wote wako: mjane, mama mzee wa marehemu, na ndugu watatu. Kila kundi lapata sehemu moja katika kumi na mbili ya urithi, yaani dola 900. Ndugu watatu wagawane 900 zao, kila mtu 300. Jumlisha sasa: mjane ana 12,900, mama mzee ana 900, ndugu wana 900, watoto wana 8,100, mazishi 1,200. Jumla ni 24,000. Na binti, aliyekuwa na uwezo wa kutoa zote, haki yake ni dola 1,620.

Tumefanya hesabu hii kwa urefu kwa sababu ya neno moja. Umbali kati ya 1,620 na 24,000 ndio ukubwa wa jaribu. Binti huyu hakuvunja mlango, hakughushi sahihi. Alisimama mbele ya mashine, na mashine ikampa. Hakuna polisi aliyekuja. Ni vigumu kwa moyo wa mwanadamu kuamini kwamba kitu kilichopatikana kwa urahisi namna ile, tena mchana, mbele ya watu, ni mali ya mwingine.

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliwasimulia waumini wake habari ya mwenzake Aurelio, Askofu wa Kartago. Mtu mmoja, asiyekuwa na watoto wala tumaini la kupata, aliipa Kanisa mali yake yote, akajiwekea tu haki ya kuitumia mpaka afe. Kisha akazaa watoto. Aurelio, bila kuombwa, bila yule mtu hata kutazamia, akamrudishia yote. Augustino akawaeleza watu kwamba askofu angeweza kutorudisha kwa sheria ya mahakama, lakini si kwa sheria ya mbinguni. Na hapo aliyeshika mali ilikuwa Kanisa lenyewe, tena kwa karatasi iliyo halali kabisa! Aurelio hakuuliza, “Karatasi yaniruhusu nini?” Aliuliza, “Mtu huyu alipotoa mali yake, alidhani hali yake ikoje, na angetaka nini sasa?”

Swali hilo hilo ndilo alilo nalo mtoto ambaye jina lake liko katika kitabu. Baba alikusudia nini? Twaona makusudi ya namna tatu, na mtoto mwenyewe, akiwa mnyofu, kwa kawaida anayajua vizuri kuliko hakimu.

Kusudi la kwanza ni msaada. Miguu ya baba inauma, mtoto yupo karibu, basi aende yeye. Namna hii ndiyo nyingi kuliko zote, na alama zake zaonekana: kitabu kilifunguliwa wakati wa ugonjwa, mtoto alitoa kwa mahitaji ya baba, alimweleza kila mara, wala hakujinunulia kitu bila kuomba. Ajabu ni kwamba uaminifu wake wa miaka mitatu ndio ushahidi kwamba feza haikuwa yake. Mtu haombi ruhusa ya kutumia mali yake.

Kusudi la pili ni ulinzi, nalo latoka katika mila zetu. Kwa Wabemba na Walamba, urithi wa zamani hupita upande wa mama. Mali ya mwanaume huwaendea wapwa na ndugu zake, si watoto wake. Hata kwa makabila yanayohesabu upande wa baba, ni nani ambaye hajaona ndugu wa marehemu wakibeba vitanda na friji siku ya tatu ya kilio? Sheria ya 1987 iliweka watoto mbele, lakini baba wengi hawaiamini sheria iliyo mbali kama wanavyomwogopa ndugu aliye karibu. Kwa hiyo huandika jina la mtoto mmoja ili feza isikamatwe. Katika nia hiyo mtoto ni ngome ya wote. Baba alimwamini ili awafungulie mama na ndugu zake, na yeye anapojifungia ndani peke yake, ametenda lile lile ambalo baba aliogopa kutoka kwa ndugu zake.

Kusudi la tatu ni zawadi ya kweli. Liko, wala tusilikane. Baba aweza kusema: binti huyu aliacha kuolewa kwa ajili yangu, aliosha vidonda vyangu, wengine walipiga simu tu mara moja kwa mwezi, nataka apate zaidi. Twaona hakuna dhambi katika nia hiyo. Upendo wa haki si lazima uwe wa mizani. Lakini Yakobo naye alimpenda Yosefu, akamvika vazi lililowaambia ndugu zake kila asubuhi kwamba wao ni wadogo, nasi twajua kisimani yalitokea nini. Zawadi iliyofichwa ndani ya kitabu cha banki ni vazi hilo hilo; tofauti ni kwamba ndugu huliona baada ya mazishi, wakati baba hayuko tena wa kujibu.

Hata mahakama za mbali zimepambana na swali hili. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Kanada, nchi ambayo sheria zake katika mikoa mingi zatoka kwa Waingereza, iliamua mashauri mawili siku moja, yote ya baba aliyeshirikiana na binti mkubwa katika kitabu cha banki. Iliweka kanuni hii: baba akiandika jina la mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima bila malipo, hatudhani kwamba ni zawadi, twadhani kwamba mtoto anashika kwa ajili ya mali ya baba, naye mtoto ndiye atakayethibitisha kwamba alipewa. Katika shauri la kwanza binti alithibitisha, akaachiwa. Katika la pili binti hakuweza, feza ikarudi kwa warithi wote. Kanuni hii haifungi mahakama za Kongo, lakini akili yake ni njema, na hata bila mahakama yaweza kutumika katika dhamiri: asiyejua nia ya baba, asijipe mwenyewe faida ya mashaka.

Ndiyo, wengine watauliza juu ya taabu ya binti. Miaka mitatu ya kuosha, kupika, kuamka usiku, je, ni bure? Tunajibu hivi. Feza aliyoitoa mfukoni mwake kwa dawa na chakula, na arudishiwe kabla ya kugawana, akionyesha karatasi au shahidi. Taabu yenyewe haina bei, lakini ndugu wasiseme kwa hiyo kwamba haina kitu. Katika baraza la jamaa wanaweza kukubaliana, kwa hiari yao, kumwongezea fungu au kumwachia nyumba akae. Asichoweza kufanya ni kujipimia mshahara mwenyewe, gizani, akiwa yeye mdai, yeye hakimu na yeye mlipaji. Tena twasema wazi kwamba kaka aliyekaa Kolwezi bila kuja kumwona baba, kisha akaja na mwanasheria siku ya tisa, ana haki yake ya 1,620, wala hana haki ya kumwita dada yake mwizi kabla ya kumwambia asante.

Yuko mtu aliyemwendea Bwana Yezu akitaka amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Bwana akakataa kuwa mgawanyi, akaanza kuwaonya juu ya tamaa. Tumesikia watu wakilitumia neno hilo kusema kwamba Kanisa lisiingie katika mambo ya urithi. Sisi twaliona vingine. Bwana hakusema kwamba yule mtu hana haki. Alikataa kazi ya hakimu kwa kuwa mahakimu walikuwako, naye alitaka kugusa mahali ambapo hakimu hafiki. Mahakama ya amani yaweza kumlazimisha binti arudishe 22,380. Haiwezi kumfanya awatazame watoto wa marehemu ndugu yake machoni.

Kwa njia ya sheria mambo huenda hivi. Jamaa hukutana na kuandika maneno ya baraza. Kama hakuna wosia, mkubwa wa warithi ndiye mwenye kazi ya kupanga na kugawa urithi. Akikataa, warithi humchagua mwingine, na mahakama huthibitisha. Huyo ndiye mwenye haki ya kuiuliza banki hesabu, na kwa binti pia. Yafaa binti mwenyewe aje barazani na karatasi za banki kabla hajaitwa, aziweke mezani na kusema: hizi ni za baba, hizi ni zangu, hizi nimezitumia kwa mazishi. Akifanya hivyo, mara nyingi baraza humalizika kwa siku moja. Akingoja kuitwa, hata feza yake ya halali haitaaminiwa.

Na wazee wanaosoma kurasa hizi, ambao jina la mtoto limekwisha kuandikwa katika kitabu chao, hawana haja ya kukimbilia banki kulifuta. Wachukue karatasi. Kama ni kwa msaada tu, waandike: “Jina la binti yangu limewekwa anisaidie kutoa feza, feza ni yangu, na baada yangu igawanywe kwa sheria.” Kama wanataka kumpa, basi waseme kiasi gani na kwa sababu gani, wakikumbuka kwamba nusu yaweza kuwa ya mke wao. Wosia ulioandikwa kwa mkono wa mzee mwenyewe wote, si kwa mashine wala kwa mkono wa mtoto, wenye tarehe na sahihi yake, sheria huukubali. Ule uliofanywa mbele ya notari una nguvu zaidi, maana si rahisi kupotea. Kisha wawaite watoto wote, hata yule wa Kinshasa kwa simu, wausome kwa sauti siku ambayo miguu haiumi sana, huku binti mwenyewe akiwa ameketi pale pamoja na ndugu zake.